Sekunde Kumi na Tisa

"Usinitumie kwa WhatsApp." Mama yangu alianza na hayo kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Aliondoka Februari 2021, mimi nikiwa darasa la nane. Aliingia Dubai kufanya usafi kwenye jengo la ofisi, akawa analala Al Quoz, chumba kimoja na wanawake wengine watano. Huku Mathare tulibaki watatu: mimi, Kevo mdogo wangu, na Shosho. Simu za WhatsApp hazipiti kule, ujumbe tu ndio unaopita, na simu ya kawaida ilimaliza salio kabla hamjasalimiana vizuri. Kwa hivyo tukawa tunarekodi. Kevo akipoteza jino, rekodi. Shosho akisukuma chapati, rekodi. Paa likivuja, hilo pia rekodi, mama alitaka kuliona.

Mwanzoni nilimtumia kwa WhatsApp kama watu wote. Akalalamika. Alisema video zinafika zimekonda, uso wa Kevo umekuwa uji, na yeye alitaka kuona ule upara mdogo alioachiwa na ringiwamu kama unapona. Mwenzake wa chumbani, Mganda mmoja, akamfundisha kutumia Google Drive. Akafungua folda, akaiita NYUMBANI, akanipa paswadi yake niwe naongeza vitu. Kuanzia hapo kila Jumamosi nilipanda hadi Juja Road, saiba ya Baba Njoki, nikalipia saa moja ya mtandao na kupakia kila kitu kama kilivyotoka kwenye simu.

Niseme ukweli, niliichukia kazi hiyo. Dakika moja ya video ilikula karibu MB 130. Nilikaa pale nikitazama ule mstari wa bluu ukitambaa huku wenzangu wakicheza mpira. Zile GB 15 za bure zilijaa kabla mwaka haujaisha, nikadhani nimepona. Nikamwambia, "Mama, imejaa, tufute za zamani." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hakuna kufuta." Alianza kulipia GB 100 kila mwezi, kutoka mshahara uleule aliokuwa akitutumia kodi na karo. Nilikasirika. Nilikuwa nimevaa viatu vilivyotoboka, naye analipia video za paa linalovuja.

Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa ilipiga Dubai, kubwa kuliko yoyote iliyopimwa kule tangu 1949. Magari yalielea barabarani. Mama alitembea maji yakiwa magotini kurudi chumbani, na Shosho akakesha akimwombea. Wiki moja baadaye mambo yakageuka, ikawa zamu yake kutuombea sisi.

Usiku ule mto ulipanda tukiwa tumelala. Kilichotuamsha ni mabati yakipigwa na kitu kama gogo. Nilimbeba Kevo, Shosho akashika mkanda wa suruali yangu, tukapanda ngazi za ghorofa lililo ng'ambo ya kichochoro. Simu yangu ilibaki kwenye chaji. Nyumba yenyewe tulisikia ikienda. Haikuanguka kwa kishindo. Ililalama tu, kama mlango wenye bawaba kavu, kisha kukawa na maji matupu.

Mama Teddy alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Alitoka na mtoto mchanga mgongoni na Teddy mkononi. Teddy alikuwa na miaka mitano. Mkono uliteleza.

Walimpata siku mbili baadaye, chini kabisa.

Tulilala darasani, kwenye shule iliyofunguliwa kwa ajili yetu, madawati yamesukumwa ukutani. Wazee wa ukoo waliamua mtoto azikwe Kakamega, gari likachangiwa, safari ikapangwa Alhamisi saa moja jioni. Jumatano usiku Mama Teddy alikuja alipokuwa Shosho, akachuchumaa.

"Shosho, sina picha yake. Hata moja. Simu ilienda, na ile kadi ya chanjo haikuwa na picha. Nitamzika vipi mtoto bila uso?"

Kwao, kama kwetu, mtu hutangulia mbele ya jeneza akibeba picha yenye fremu. Alisema angeazima picha ya mtoto wa dada yake, kwamba walifanana. Shosho akamshika kichwa, hakumjibu.

Mulika mwizi ya Shosho ndiyo pekee iliyookoka, ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nikambipu mama, akapiga.

"Mama, Teddy yuko kwenye video zetu?"

Alinyamaza. Nilisikia feni ya chumba chao.

"Teddy alikuwa akiingia kwetu kila saa," akasema. "Lazima yuko. Acha nitafute."

Kule Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, na kazini anaingia saa kumi na mbili asubuhi. Alijifunika blanketi kichwani ili mwanga usiamshe wenzake, akaanza kufungua faili moja baada ya nyingine. Zilikuwa mia nne na kitu. Huwezi kumtafuta mtoto wa jirani kwa jina, kwa sababu mimi sikuwahi kuandika jina lake popote. Niliandika "chapati" na "Kevo jino" na "mvua". Kwa hivyo alitazama zote. Aliniambia baadaye kwamba aliona mkono wa Teddy mara tisa, kisigino chake mara kadhaa, na mara moja kivuli chake mlangoni. Uso wenyewe aliupata saa tisa usiku. Alituma linki kwa simu ya jamaa wa duka la picha, jirani wa saiba, kisha akaenda kazini bila kulala.

Nilifika dukani saa tatu asubuhi na Mama Teddy. Yule jamaa alibonyeza linki, kompyuta ikaandika:

`You need access`

"Bosi, hii imefungwa," akasema. "Mwenyewe lazima aifungue."

Nikaomba niingie kwa akaunti ya mama. Paswadi niliikumbuka vizuri, lakini wakataka namba ya siri inayotumwa kwa laini ya mama. Naye simu yake ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la wafanyakazi hadi zamu iishe, saa kumi na mbili ya kwao, saa kumi na moja yetu.

Tulisubiri. Mama Teddy alikaa kwenye stuli ya kupigia picha za pasipoti, nyuma yake shuka jeupe, mtoto mchanga akinyonya. Kila aliyeingia kupiga picha alimwomba asogee, naye alisogea, kisha akarudi palepale. Saa sita. Saa nane. Nilinunua chai, haikunyweka. Nilifikiria zile Jumamosi zote nilizonung'unika, na jinsi mara mbili tatu nilivyomdanganya mama kwamba mtandao ulikuwa chini.

Saa kumi na moja na dakika nne mulika mwizi ililia.

"Mama, inasema imefungwa!"

"Wacha nione." Nilimsikia akihema, alikuwa anatembea kuelekea basi la kampuni. "Hapa imeandikwa `Restricted`."

"Bonyeza hapo. Weka `Anyone with the link`."

"Nimeweka. Jaribu."

Jamaa akabonyeza tena. Picha ikaja.

Ilikuwa Krismasi ya 2023. Shosho amekaa kwenye kigoda anasukuma chapati, mimi nimeshika simu. Pembeni mwa mlango anatokea Teddy, kaptura nyekundu, kamasi kidogo, anautazama unga kama paka. Shosho anakata donge dogo, anampa. Teddy halili. Anakuja hadi kwenye kamera, uso umejaza kioo chote, jino la mbele limevunjika pembeni, na unga mweupe kwenye nyusi.

"Auntie wa Dubai," anasema, "hii nimetengeneza mimi."

Kisha sauti kutoka nje, ya mwanamke, ya kuchoka na ya mapenzi: "We Teddy! Toka kwa watu, kuja uoge!" Naye anakimbia, donge mkononi.

Sekunde kumi na tisa. Mama Teddy hakulia. Aligusa spika ya kompyuta kwa kidole.

"Huyo ni mimi," akasema. "Rudisha pale ninapomwita."

Jamaa akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya nne akaanza kuisogeza video polepole, akitafuta mahali ambapo macho yamefunguka vizuri na mdomo haujakunjwa. Alipolipata akavuta karibu, na unga kwenye nyusi ukaonekana punje kwa punje.

"Hii ni orijino," akaniambia. "Ingepita WhatsApp nisingekuwa na kitu cha kuprinti." Alitaka kuufuta ule unga kwa kompyuta. Mama Teddy akamshika mkono.

"Uache."

Alitengeneza picha ya A4, akaweka fremu, akakataa pesa. Saa moja kasoro dakika kumi tulikuwa kando ya gari. Mama Teddy alipanda mbele, fremu mapajani, ameizungushia kanga.

Usiku ule mama aliniambia nisilale. Alikuwa amerudi kwenye zile mia nne na kitu. Kila aliponiona mimi au Kevo alipita. Alikuwa akitafuta mikono na visigino. Alipomaliza alifungua folda nyingine ndani ya NYUMBANI, akaiita TEDDY, akaweka humo kila kipande, hata kile chenye kivuli tu mlangoni, na jina la kila faili akaliandika sawasawa: Teddy na unga. Teddy na mpira wa Kevo. Teddy analia nje, haonekani.

Mama Teddy alirudi baada ya wiki mbili. Kando ya mto nyumba zilizobaki zilikuwa zinabomolewa, kila kilichokuwa ndani ya mita 30, na sisi tulishahamia chumba Huruma. Alikuja na simu ya kuazima. Shemeji yake alikuwa amerekodi mazishi: dakika kumi na moja, kina mama wakiimba, mvulana mmoja mbele amebeba fremu kwa mikono miwili.

"Muulize mama yako kama kuna nafasi," akasema.

Nikambipu. Akapiga.

"Mwambie ipo," mama alisema. "Msipitishe kwa WhatsApp."

Tukapanda hadi Juja Road. Baba Njoki alitupa kompyuta ya mwisho, iliyo karibu na dirisha. Nilichagua faili, folda ya TEDDY, nikabonyeza. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa. Mama Teddy alivuta kiti, akaketi kando yangu, tukautazama.