Faharasa: Istilahi za Michezo ya Uwanjani

Kisahani: Hurushwa kutoka duara la kipenyo cha mita 2.50. Cha wanaume kilo 2, cha wanawake kilo 1.

Kuruka juu: Kuvuka ufito kwa kujirusha kwa mguu mmoja, miguu miwili ni kosa. Akishindwa mara 3 mfululizo, anatoka.

Miruko mitatu: Mguu wa kwanza huruka na kutua wenyewe, hutua wa pili, kisha mchangani. Waimbishe wanafunzi: kulia, kulia, kushoto, mchanga! Wengi hukosea hatua ya pili.

Mkuki: Ncha ya chuma ndiyo itangulie kugusa ardhi. Si lazima uchome.

Tufe: Husukumwa kwa mkono mmoja kutoka shingoni, ingawa sote tunasema “kurusha”. Kiwiko kikishuka, mtoto anarusha kama jiwe, na bega litauma. Mrushaji hutoka duarani kupitia nusu ya nyuma.

Ubao wa kurukia: Upana sentimita 20. Pima kutoka ukingo wake wa upande wa mchanga hadi alama ya mrukaji mchangani iliyo karibu zaidi, hata ikiwa ya kiganja.

Upondo: Mti mrefu unaopindika, wa kumnyanyua mrukaji.