Ombi la ruhusa ya tarehe 14 hadi 19 Mei: ndoa ya mdogo wangu Pemba, na mpango wa kufidia vipindi

Shikamoo Dokta,

Habari za kazi. Mimi ni Hamadi wa mwaka wa pili, darasa lako la Takwimu, yule niliyekuuliza wiki iliyopita baada ya leksha kwa nini tunatafuta mstari wenye jumla ndogo ya miraba na sio jumla ndogo ya umbali tu. Nakuandikia mapema kabla sijaondoka, maana nisingependa usome jina langu kwenye rejista mara mbili tatu halafu ndio uanze kusikia kwa CR kwamba nipo Pemba.

Ninaomba ruhusa ya kukosa vipindi vyako vinne: leksha ya Alhamisi tarehe 14 Mei, semina ya Ijumaa tarehe 15 ambayo ina kwizi, leksha ya Jumatatu tarehe 18 na praktiko ya Jumanne tarehe 19 asubuhi. Jumatano tarehe 20 nitakuwa darasani inshallah, na testi ya pili ya Alhamisi tarehe 21 nitaifanya siku ileile na wenzangu, siombi isogezwe wala nipewe ya peke yangu.

Sababu ni ndoa ya mdogo wangu wa kike, tumbo moja, inafungwa Ijumaa tarehe 15 baada ya sala ya Alasiri kwetu Wete. Najua Dokta unapata meseji za harusi kila semista, kuna harusi za binamu, za jirani, za rafiki wa dada, na ingekuwa hivyo nisingekusumbua, ningetuma mchango wangu kwa simu nikaendelea na shule. Ila kwenye hii mimi ndiye walii wa kumuozesha. Baba alifariki mimi nikiwa sekondari, babu mzaa baba alitangulia zamani, na kwa utaratibu wetu akikosekana baba na babu anayefuata ni kaka wa baba mmoja mama mmoja, ndio anakuja ndugu wa kwa baba, watoto wao, halafu ami. Kaka wa hivyo nyumbani kwetu ni mimi tu, mwingine ni mdogo bado yupo darasa la sita.

Nisikufiche kitu hapa. Sheikh wetu alishatuambia kwamba walii anaweza kuweka wakala, yaani ningeweza kumuweka ami yangu akaozesha kwa niaba yangu na ndoa ikawa sahihi kabisa, na mimi mwenyewe ndilo nililolifikiria mwanzo nilipoona tarehe imeangukia wiki ya testi. Nikampigia mama nikamwambia hivyo, akanyamaza kidogo akasema sawa mwanangu kama masomo yamebana. Kesho yake mdogo wangu akanipigia. Kwetu kabla ya nikaha walii anaingia ndani kwa mwali kumuuliza kama ameridhia kuolewa na fulani kwa mahari kadhaa, na watu wanamsubiri nje mpaka atoke na jibu. Aliniambia kaka, hilo swali nataka uniulize wewe, ami nikimuona mlangoni nitaona haya hata kama nina neno la kusema sitalisema. Dokta, baada ya maneno hayo sikuweza tena kuzungumzia uwakala. Tangu baba aondoke sijawahi kumfanyia huyu mtoto jambo kubwa, nipo mbali nasoma, na hili ni moja ambalo kwa haki ni langu mimi kulifanya na yeye ameliomba kwa mdomo wake.

Kuhusu siku kuwa nyingi kuliko harusi yenyewe, ni safari ndio inakula. Jumatano tarehe 13 nitahudhuria vipindi vyote, jioni napanda SGR hapa Dodoma nalala Dar kwa shangazi, Alhamisi asubuhi boti ya Unguja, halafu ya Pemba mpaka Mkoani, na kutoka Mkoani kwenda Wete ni kukata kisiwa chote kutoka kusini mpaka kaskazini kwa gari. Nilifikiria kuondoka Alhamisi jioni ili nisikose leksha yako lakini boti ya Pemba haipatikani muda wowote kama ya Unguja, na mwezi wa tano kusi imeshaanza na mvua za masika hazijaisha, bahari ikichafuka safari inaahirishwa na walii akikwama Unguja Ijumaa mchana hakuna ndoa. Jumamosi ni walima na kumpeleka mwali kwa mumewe, Jumapili nina kazi ambayo nitakueleza hapo chini, Jumatatu narudi na boti, Jumanne treni ya asubuhi. Kama Jumatatu boti haitaondoka mjomba ameshaniwekea nauli ya ndege ndogo kutoka Chake Chake mpaka Dar, kwa hiyo kurudi Jumatano sio jambo la kubahatisha.

Sasa masomo. Kwa ratiba uliyotupa, Alhamisi unafundisha mabaki na masharti ya mstari wa regresheni, Jumatatu regresheni yenye vigezo zaidi ya kimoja. Nimeshachukua slaidi zote mbili, na sura yake kwenye kitabu nimeanza kuisoma tangu juzi, nitafanya maswali ya mwisho wa sura kwa mkono, sio kwenye R kwanza, kwa sababu ulisema asiyeweza kupata mteremko kwa kalamu na karatasi hajui kompyuta inamfanyia nini. Nikishayamaliza nitakuletea daftari Jumanne tarehe 12 uliangalie, hata dakika tano tu mlangoni, ili nisiondoke na kosa nikakaa nalo wiki nzima. Mwenzangu mmoja wa chumbani atanirekodia sauti ya leksha zote mbili kama utaruhusu, usiporuhusu atanipa noti zake tu na mimi nitamlipa kwa kumfundisha mambo ya R ambayo yanamsumbua.

Prezentesheni ya kundi letu iko Jumatatu tarehe 18. Nimeongea na wenzangu wanne, sehemu yangu ni grafu na tafsiri yake, nimeshaimaliza na nimeshaiweka kwenye faili la pamoja, na kundi la pili wamekubali tubadilishane nao ili sisi tuprezenti Jumatano tarehe 20 nikiwepo. Hilo wewe ndio mwenye uamuzi, tumekubaliana sisi wanafunzi tu. Ukisema hapana wataprezenti bila mimi na nipo tayari kujibu maswali yako ya sehemu yangu peke yangu siku nyingine, sitaki wenzangu wapunguziwe maksi kwa sababu ya ndoa ya kwetu.

Kuhusu praktiko ya Jumanne, uliagiza kila mtu aje na data zake za vitu viwili vinavyohusiana, angalau jozi 30. Hapa ndio Jumapili yangu inapoingia. Mjomba wangu ni mvuvi, anashusha samaki diko la karibu na nyumbani, nimeshaongea naye nitakaa pale asubuhi na rula na mzani wake nipime urefu na uzito wa changu wasiopungua 40 kabla hawajapelekwa sokoni. Nimechagua samaki kwa sababu uzito haupandi sawasawa na urefu, samaki akirefuka ananenepa pia na kupanda juu, uzito unafuata ujazo, kwa hiyo ukichora moja kwa moja unapata mkunjo na mabaki yatakuwa na umbo la bakuli. Ukichukua logi pande zote mbili mkunjo unanyooka, na mteremko kwa samaki wengi unakuwa karibu na 3. Nadhani hii itanionyesha masharti ya Alhamisi kwa data zangu mwenyewe badala ya kuyakariri. Nitaendesha mistari yote miwili:

```
m1 <- lm(uzito ~ urefu, data = changu)
m2 <- lm(log(uzito) ~ log(urefu), data = changu)
plot(m1, which = 1)
plot(m2, which = 1)
```

Kitu kimoja kinanipa wasiwasi na ningeomba ushauri wako kabla sijaenda. Samaki wengi wa mjomba wanatoka kwenye madema, na dema lina matundu, wadogo wanapenya wanatoka, kwa hiyo nikipima wa madema peke yake nitakuwa na samaki wanaolingana ukubwa na mstari wangu utakuwa na msingi mdogo sana wa kusimamia. Nimefikiria kuchanganya na wa mshipi ili nipate wadogo na wakubwa, ila sasa naogopa nitakuwa nachanganya makundi mawili kwenye data moja. Niweke safu ya tatu inayosema amevuliwa kwa nini, dema au mshipi? Ndio hapo nikaona labda hiyo safu itanifaa kwenye mada ya Jumatatu ya vigezo vingi. Ripoti ya kurasa mbili na faili la data nitakutumia kwa imeili Jumanne usiku nikishafika Dodoma, siku ileile ya praktiko.

Kilichobaki ni kwizi ya Ijumaa na hapo ndio nakuomba kweli Dokta, maana kwizi haina njia ya kuifidia bila wewe. Ningependelea kuifanya kabla sijaondoka, Jumanne au Jumatano muda wowote, maswali tofauti na ya wenzangu ni sawa kabisa na hata yakiwa magumu zaidi sitalalamika. Kama kabla haiwezekani basi Jumatano tarehe 20 baada ya kipindi. Na kama utaratibu wako ni kwamba anayekosa kwizi kakosa, naomba uniambie mapema nijue, safari nitakwenda na maksi hizo nitazitafuta kwenye testi.

Mahudhurio yangu mpaka leo sijakosa kipindi chako hata kimoja semista hii, nimehesabu na CR, nikikosa hivi vinne bado nitakuwa juu ya asilimia 75 inayotakiwa kukaa mtihani wa mwisho. Barua ya sheha wa shehia yetu inayothibitisha ndoa na kwamba mimi ndiye walii ipo njiani, ami ameniahidi kunitumia picha yake kesho na karatasi yenyewe nitakuja nayo nikirudi. Fomu ya ruhusa ya idara nimeshaijaza, imebaki sehemu ya saini yako tu.

Naweza kuja ofisini Alhamisi hii saa nane mchana, au muda wowote utakaosema, nikuletee fomu na unielekeze hilo la madema na mshipi. Tiketi ya treni nitaikata Ijumaa, nasubiri kwanza jibu lako.

Wako mwanafunzi,
Hamadi
Takwimu, mwaka wa pili