Dulla, hiyo laki nne usiilaze kwenye simu

Mdogo wangu Dulla,

Za Kahama? Huku Mbagala tuko poa, mama goti bado linamsumbua ila anasema msalimie.

Umenitumia ile skrinishoti ya salio nikacheka peke yangu kwenye daladala, laki nne! wewe uliyekuwa unakopa vocha kwangu kila wiki. Nimefurahi kweli. Ila nakujua, hela ikilala kwenye simu inaota miguu, leo mkeka, kesho mshkaji ana shida kidogo, keshokutwa raba, na makato ya kutoa juu.

Fanya hivi. Laki mbili na nusu iache ya dharura maana kazi yenyewe una miezi mitano na bosi hujamjua vizuri. Laki na nusu peleka UTT AMIS, mfuko wa Ukwasi. Ni kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, mfuko wao wa kwanza, Umoja, ulianza 2005, sio mambo ya jana. Unanunua vipande vya mfuko, wao hela wanaiweka kwenye amana za benki na hatifungani, bei ya kipande inapanda kidogo kidogo. Kuanzia ni laki moja, ukishaingia unaongeza hata elfu kumi. Ukitaka kutoa unajaza ombi, unasubiri siku chache za kazi, na huko kusubiri ndo dawa yako wewe, mpaka hela iingie hamu ya raba imeshaisha.

Utasema faida yenyewe kiduchu. Ni kweli, sikudanganyi. Tuseme ni asilimia 10 kwa mwaka (nakadiria tu, hakuna aliyeahidi), ukiweka hiyo laki na nusu kisha elfu thelathini kila mwezi, mwaka wa kwanza unapata faida kama elfu 34, haifiki hata hela ya kiatu cha maana. Lakini usiposimama, miaka mitano una milioni mbili na nusu na kidogo, na mfukoni mwako imetoka milioni moja na laki tisa na nusu tu. Hapo ukitaka kiwanja unaongea na mtu.

Mimi nilianza nina miaka 31 Dulla, wewe una 23, hiyo miaka nane naionea wivu kabisa.

Halafu ukiona mtu kwenye grupu la wasapu anakwambia weka laki uvune mbili baada ya wiki, kimbia. Unakumbuka shangazi na ule upatu wake? Cherehani iliuzwa, na mpaka leo hataki tuiulizie.

Za hisa tutaongea baadaye, hizo zinapanda na kushuka, kwanza uzoee.

Tafuta kitambulisho chako cha NIDA, najua kiko kwenye ile suruali ya jinzi. Jumamosi usiku nikupigie tufungue akaunti pamoja, na usiniambie umeshika mpira, ratiba nimeiangalia.

Dada Mwana