Bajeti ya Kaya Inayoishia Sifuri: 25 Septemba hadi 24 Oktoba 2024

Kaya ya Baba Neema na Mama Neema, Kihonda, Morogoro. Kaya ina watu watano: wazazi wawili, Neema aliye kidato cha pili, Daudi aliye darasa la nne, na Eliya ambaye hajaanza shule. Mapato ya uhakika ni mshahara mmoja tu wa ualimu wa Mama Neema katika shule ya serikali. Bajeti inaanza siku inayofuata mshahara kuingia, yaani Jumatano tarehe 25 Septemba, na si tarehe mosi, kwa sababu fedha za kaya hii hufuata mshahara, hazifuati kalenda. Ina siku 30.

Sehemu ya kwanza: Kutoka mshahara ghafi hadi fedha ya mkononi

Tumeanza na mshahara ghafi badala ya kiasi kinachoonekana benki, kwa kuwa marejesho yetu mawili makubwa hukatwa kabla fedha haijatufikia, na deni lisiloonekana kwenye bajeti husahaulika kuwa ni deni. Hesabu zimenakiliwa kutoka hati ya mshahara ya Septemba.

| Kipengele | Shilingi |
|---|---:|
| Mshahara ghafi | 1,180,000 |
| Mchango wa PSSSF, asilimia 5 | 59,000 |
| Kodi ya mapato (PAYE) | 164,300 |
| Bima ya afya (NHIF), asilimia 3 | 35,400 |
| Ada ya chama cha walimu, asilimia 2 | 23,600 |
| Rejesho la Bodi ya Mikopo (HESLB), asilimia 15 | 177,000 |
| Rejesho la mkopo wa benki | 168,000 |
| Jumla ya makato | 627,300 |
| Fedha ya mkononi | 552,700 |

Kodi imehakikiwa kwa mkono: baada ya kuondoa mchango wa pensheni, kiasi kinachotozwa kodi ni 1,121,000, ambapo milioni moja ya kwanza hubeba kodi ya 128,000 na 121,000 zinazobaki hutozwa asilimia 30, yaani 36,300.

Sehemu ya pili: Madeni yote ya kaya

Deni la Bodi ya Mikopo limebaki 1,239,000 kabla ya kato la mwezi huu, sawa na makato saba, kwa hiyo kato la mwisho linatarajiwa katika mshahara wa Machi 2025. Mama Neema ataomba taarifa ya salio mwezi Februari na kuilinganisha na hati zake za mshahara, ili makato yasiendelee baada ya deni kwisha; kufuatilia fedha iliyokatwa zaidi ni kazi ndefu kuliko kuizuia isikatwe.

Mkopo wa benki ulikuwa wa 5,800,000 kwa miezi 48, nao ulinunua kiwanja na kujenga msingi. Kato la Septemba ni la 20, yamebaki 28, na la mwisho litakuwa Januari 2027.

Mkopo wa kikoba ulikuwa 300,000 pamoja na riba ya 30,000, kwa ajili ya cherehani ya umeme ya Baba Neema. Hulipwa 55,000 kwa mwezi kwa miezi sita, na rejesho la mwezi huu ni la nne. Deni la nne ni la dukani, 36,000, lililotokana na wiki mbili za Agosti. Tumekubaliana na mwenye duka alipwe nusu sasa na nusu mwezi ujao, na katika kipindi hicho hatuchukui kitu kwa daftari.

Marejesho yote manne kwa pamoja ni 418,000. Ukiondoa kodi, pensheni, bima na ada ya chama, mshahara unabaki 897,700, maana yake takriban shilingi 47 katika kila 100 tunazoweza kuzitumia zinakwenda kwenye madeni. Hii ndiyo takwimu ya kuitazama kila mwezi. Utaratibu unaotaka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake unatuweka mahali panapoonekana salama, kwa sababu theluthi yetu ni takriban 393,333 nasi tunapokea 552,700, na kwa sababu hiyo benki bado inaweza kutukopesha. Lakini kipimo hicho husoma hati ya mshahara peke yake. Hakioni kikoba, duka, wala kodi ya nyumba. Uamuzi wetu ni kwamba mkopo wa benki hautaongezwa hadi takwimu hiyo ishuke chini ya 30. Mikopo ya simu haitachukuliwa kabisa.

Sehemu ya tatu: Mgawanyo wa 552,700

Mafungu yamepangwa kwa mpangilio wa malipo. Safu ya mwisho inaonyesha kinachobaki baada ya kila fungu, ili ionekane fedha inakwisha wapi.

| Fungu | Kiasi | Baki |
|---|---:|---:|
| Rejesho la kikoba | 55,000 | 497,700 |
| Hisa na mfuko wa jamii wa kikoba, Jumamosi 4 | 24,000 | 473,700 |
| Deni la duka | 18,000 | 455,700 |
| Mfuko wa kodi ya nyumba | 70,000 | 385,700 |
| Vyakula vya mwezi | 105,400 | 280,300 |
| Fedha ya sokoni, 2,500 kwa siku | 75,000 | 205,300 |
| Nyama nusu kilo, Jumapili 4 | 20,000 | 185,300 |
| Gesi ya kilo 6 na mkaa | 36,000 | 149,300 |
| Umeme (Luku) | 12,000 | 137,300 |
| Maji | 9,000 | 128,300 |
| Sabuni na usafi | 14,000 | 114,300 |
| Nauli ya kazini, siku 21 | 21,000 | 93,300 |
| Chakula cha shuleni na madaftari | 20,000 | 73,300 |
| Bibi, Kilosa | 20,000 | 53,300 |
| Vocha na bando | 7,000 | 46,300 |
| Ada za kutuma na kutoa fedha | 2,300 | 44,000 |
| Sadaka, misiba na michango | 10,000 | 34,000 |
| Mfuko wa Januari | 18,000 | 16,000 |
| Mfuko wa dharura | 16,000 | 0 |

Sifuri hii haina maana kwamba fedha yote itatumika. Maana yake ni kwamba hakuna shilingi iliyobaki bila kazi, na miongoni mwa kazi hizo kuna kulala benki.

Kodi ya nyumba ni 70,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba hupokea miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo Januari 2025 atahitaji 420,000. Mfuko una 210,000 na sasa utafika 280,000. Mafungu ya Novemba na Desemba yataukamilisha. Umo kwenye akaunti tofauti isiyounganishwa na simu, na hilo ni kwa makusudi. Katika Luku hukatwa 1,500 kila mwezi kama kodi ya jengo, ambayo ni wajibu wa mwenye nyumba, naye amekubali kuipunguza kwenye malipo ya Januari. 9,000 za miezi sita zitakuwa mwanzo wa mfuko wa kodi unaofuata. Risiti za Luku zitunzwe.

Vyakula vya mwezi vitanunuliwa kwa mara moja siku ya Jumatano: unga wa sembe kilo 20 kwa 28,000, mchele kilo 12 kwa 28,800, maharage kilo 6 kwa 18,000, mafuta lita 3 kwa 14,400, sukari kilo 4 kwa 11,200, na chumvi, majani ya chai na viungo kwa 5,000. Bibi akituma mahindi kutoka Kilosa, fedha ya unga itakayookolewa italipa kwanza usafiri wa gunia na kusaga, na kitakachobaki kitaenda kwenye deni la duka. Fedha ya sokoni itatolewa kila Jumatano, 17,500 kwa wiki, na 5,000 kwa siku mbili za mwisho. Hapa ndipo bajeti zetu zilizopita zilipovuja, si kwenye unga wala kwenye umeme, kwa hiyo fedha ya wiki ijayo haitaguswa hata kama nyanya zimepanda. Wiki ikibana, tutapika dagaa na mchicha.

Nauli ni ya siku 21, kwa sababu Jumatatu tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere na shule hazifunguliwi. Mfuko wa Januari ni wa sare, viatu na madaftari. Elimu haina ada, lakini mtoto haendi shule bila viatu. Una 36,000, utafika 54,000 sasa na 90,000 Desemba. Mfuko wa dharura una 47,000 na utafika 63,000, kiasi ambacho bado ni kidogo mno, na tunakubali kuwa hili ndilo eneo dhaifu la bajeti hii.

Sehemu ya nne: Mapato ya cherehani

Kipato cha Baba Neema hakimo katika hesabu za juu. Kuna wiki huingia 30,000 na kuna wiki haingii kitu, na fedha ya namna hiyo haiwezi kubeba rejesho lenye tarehe. Ikiingia, theluthi moja itabaki kwenye cherehani kwa uzi, vifungo na matengenezo. Kinachobaki kitalipa deni la duka hadi liishe, kisha kitaongeza mfuko wa dharura hadi ufike 150,000. Baada ya hapo tutakaa tena na kuamua.

Sehemu ya tano: Kuhamisha fedha na kukutana na upungufu

Fungu likiisha kabla ya tarehe 24, fedha inaweza kuhamishwa kutoka fungu jingine, mradi wote wawili tumekubaliana na kiasi kimeandikwa siku hiyo hiyo pande zote mbili, ili jumla ibaki 552,700. Michango ya harusi isiyoenea katika 10,000 itaahidiwa kwa mwezi unaofuata. Msiba wa karibu au ugonjwa usiogharimiwa na bima utachukua kwenye dharura. Mafungu mawili hayahamishwi kwa sababu yoyote ile: rejesho la kikoba, kwa kuwa fedha ile ni ya wanachama wenzetu, na mfuko wa kodi ya nyumba.

Sehemu ya sita: Fedha itakayoachiliwa na madeni

Rejesho likiisha, fedha yake huyeyuka katika matumizi ndani ya mwezi mmoja isipopewa kazi mapema, kwa hiyo tumeigawa leo. Shilingi 18,000 za duka, zitakazoachiliwa katika bajeti ya Desemba, zitaenda kwenye dharura. Shilingi 55,000 za kikoba zitaachiliwa katika bajeti ya Januari, ambapo 30,000 zitaongeza mfuko wa shule kwa mwezi huo mmoja na 25,000 zitaingia kwenye dharura. Aprili 2025 zitaachiliwa 177,000 za Bodi ya Mikopo: 100,000 kwa dharura hadi ifikie matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, 50,000 kwa matofali ya kiwanjani, na 27,000 kuongeza fedha ya sokoni, ambayo kwa watu watano ni ndogo na watoto wanakua.

Imesomwa na kukubaliwa na Baba Neema na Mama Neema, Jumanne tarehe 24 Septemba 2024. Hesabu itafungwa Alhamisi tarehe 24 Oktoba jioni; baki la kila fungu litahamishiwa kwenye deni la duka, na bajeti ya mwezi unaofuata itaandikwa usiku huo huo kabla fedha ya mshahara mpya haijatolewa.