Kivuko cha Mwisho: Mwongozo wa Tamthilia

Ulimwengu: pantoni moja kuukuu, ng'ambo mbili zisizopatana. Kila sehemu huanza honi ikilia, huisha kamba ikifungwa gatini. Kamera haitoki majini ila kwenda msibani. Sheria hii isivunjwe hata mwandishi akibanwa.

Wahusika: Nahodha Salehe, miaka 58, macho yanamfifia na anaficha, akikaribia gati huhesabu nguzo kwa vidole, mkono mfukoni. Bintiye Rehema, fundi mitambo, anajua na amenyamaza. Karani Doto huuza tiketi mbili zenye namba moja. Asichekeshe mno.

Msimu wa 1: abiria anazama, jina lake halimo orodhani. Msimu wa 2: Rehema anahojiwa chini ya kiapo. Msimu wa 3: daraja linakamilika, Salehe anaomba safari moja, usiku.