Mkono Ndani ya Gunia
Mahubiri ya Jumapili, Kirumba, Mwanza. Somo: 1 Timotheo 2:1-2

Bwana Yesu asifiwe! Wa nyuma sijawasikia, mmekesha mwaloni nini? Bwana Yesu asifiwe!

Paulo anamwagiza Timotheo, aliyemwacha Efeso, kwamba dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya watu wote, "kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka". Wafalme gani hao? Wapagani wa Rumi! Paulo alishapigwa bakora na maofisa wa dola hiyo kule Filipi. Hakusema tumwombee yule ambaye fulana yake tumeivaa. Amesema wote. Tena na shukrani. Hapo hata mimi nameza mate kwanza.

Lakini kumwombea mtawala si kumfumbia macho. Nabii Nathani alimwendea Daudi, mfalme aliyepakwa mafuta, akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Sasa kura. Siku moja nilikwenda kununua dagaa pale mwaloni. Za juu zinang'aa kama fedha, nikatoa hela. Mama mmoja akanizuia: "Mchungaji, ngoja." Akazamisha mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akaja na mchanga, na dagaa zilizonyeshewa, zimevunda. Hakugombana na mtu. Alikung'uta mkono, tukahamia gunia jingine.

Mama zangu, ujuzi huo msiuache mwaloni. Yethro alimwambia Musa atafute watu "wenye kuchukia mapato ya udhalimu". Utawajuaje usipozamisha mkono? Anayekuja leo na spika juu ya gari, miaka 5 hii alikuwa wapi wakati sisi wa mlimani tunapandisha ndoo kichwani, na ziwa tunaliona pale chini?

Kanga, chumvi, elfu kumi ya "nauli"... Kutoka 23 inasema rushwa huwapofusha macho hao waonao. Na mimi nisijifanye msafi. Uchaguzi mmoja nilimpa mgombea madhabahu hii dakika kumi, naye akatupa bati. Tazameni juu, hizo hapo. Kila mvua inapopiga nakumbuka bei yake. Nilitubu mbele ya wazee, leo natubu mbele yenu. Safari hii mgombea akija atakaa kwenye benchi kama muumini yeyote, na sadaka yake ataitia kapuni kimya kimya.

Kadi yako usimpe mtu "akutunzie". Baba, usimpangie mama: kwenye kituturi anaingia peke yake na Mungu wake. Na jirani wa chama kingine bado ni jirani; kesho mtavuta wavu mmoja.

Tusimame. Kila mmoja aanze na yule kiongozi ambaye jina lake linamkwama kooni. Mtaje. Kwa sauti.