Barua kwa Mama, Pamoja na Kisutu

Kiomboi, Iramba
27 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama.

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Hamisi na bibi, na goti la bibi limeshatulia. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Mvua zinanyesha, na alizeti za watu zimeota mpaka nyuma ya nyumba yangu.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati juzi tu tumeongea. Mama, kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza neno, unaniuliza nimekula nini, nimelala saa ngapi, chandarua nimefunga, na vocha inakwisha. Halafu nikikuambia nimekununulia kitu, jibu lako nalijua: "Kirudishe dukani, mwanangu, hela yako itunze." Basi hiki hakirudi. Nimeshakikata na kukipinda.

Tafadhali soma mwenyewe. Usimpe Hamisi akusomee, maana anaruka mistari. Kaa pale mlangoni penye mwanga, vitumbua vikishaisha.

Mshahara umeingia, mama. Tarehe 23, saa tatu usiku, nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, simu ikalia. Niliisoma meseji ya benki mara tatu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi gizani, nikalia kidogo, kisha nikarudi nikamaliza madaftari. Zilizoingia ni shilingi 516,000. Novemba na Desemba bado, wanasema ni malimbikizo, nimejaza fomu na nasubiri. Hii ndiyo ya kwanza kuishika.

Usishtuke kuwa ni ndogo kuliko ulivyosikia mtaani. Inakatwa kodi, pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha walimu 2, na Bodi ya Mikopo asilimia 15. Hiyo ya Bodi ndiyo kubwa kuliko zote, ila sina kinyongo nayo, kwani bila ule mkopo chuo ningekisikia redioni. Na hiyo ya bima nimefurahi kukatwa, kwa sababu mzazi anaruhusiwa kuwa mtegemezi. Nimeanza kukuandikisha. Mwambie Hamisi apige picha kitambulisho chako cha NIDA anitumie, na wewe ukapige pasipoti mbili pale mjini. Kadi ikitoka, utakwenda kupimwa ile presha vizuri, si kusubiri mpaka kichwa kikuume.

Sasa fungua kifurushi, kama hujafungua.

Ni kisutu, mama.

Nataka nikueleze kwa nini, na nisamehe kama nitagusa jambo ulilolificha. Mwaka 2018, fomu ya kujiunga na kidato cha tano ilipokuja, uliisoma yote ukaikunja. Ada ya bweni elfu 70, godoro, ndoo mbili, shuka za rangi ya bluu, reki, ream ya karatasi, na nauli ya mpaka Iringa. Ulikaa siku mbili husemi kitu. Siku ya tatu ukaja na hela mkononi, ukaniambia umepokea upatu. Niliamini. Nilipanda basi nikijua ni upatu.

Desemba nilirudi likizo. Unakumbuka harusi ya mtoto wa Mzee Salimu? Tulikaa mkekani, wewe na mimi na akina mama wa mtaa, na Mama Zuhura akaja kakaa mbele yetu kajitanda kisutu kipya. Niliukuta mkono wangu umeshika upindo wake hata kabla sijafikiri. Ulishonwa kwa mkono, uzi mwekundu, mshono mdogo mdogo kama wa chungu wanaotembea, na kwenye pembe uzi mwekundu ulikwisha, pakamaliziwa kwa mweusi. Ule mshono nilikuwa naujua tangu mdogo. Ulikuwa ukifungua sanduku kutoa harufu, unanionyesha: "Hapa ndipo uzi ulipomwishia bibi yako usiku wa kuamkia harusi yangu, taa ikiwa koroboi." Ulikivaa siku ile moja tu. Ukasema mara nyingine utakivaa siku ya kuniozesha mimi.

Nikakutazama. Wewe ulikuwa unamtazama Mama Zuhura usoni, unamwambia, "Shoga, umependeza." Na ulimaanisha. Sikuona hata chembe ya husuda.

Usiku ule nilifungua sanduku ukiwa msikitini na bibi. Kisutu hakimo. Na zile doti mbili mpya za Idi hazimo. Mulikuwa na vidonge vya nondo tu, na vyeti vyangu vya shule umevifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Sikukuuliza. Niliona kama nikiuliza nitakunyang'anya kitu. Ila tangu siku ile, mama, kila nilipokaa kwenye mtihani, kidato cha sita, chuo, hata siku ya usaili, niliuona ule uzi mweusi kwenye pembe. Mwaka mzima baada ya chuo nilipokaa nyumbani bila kazi, nakusaidia kusaga mchele wa vitumbua, majirani wanasema shule imesaidia nini, mimi nilikuwa nawaza hicho kisutu. Nikawa najisemea, ya kwanza tu itakayoingia.

Nilimwendea Mama Zuhura mwaka jana kabla sijasafiri kuja huku, nikamwomba aniuzie tena nikipata kazi. Kumbe alishampa mwanawe aliyeolewa Mombasa. Hakujua kimetoka wapi kwenye maisha yetu, masikini, alisikitika sana. Usimlaumu. Alilipa bei nzuri siku ile na hakukupunguza.

Kwa hiyo hiki ni kingine, sitakudanganya kuwa ndicho kile. Kiomboi hakipatikani. Niliuliza maduka yote ya nguo, wananiletea vitenge, mwenye duka mmoja akaniambia hivyo ni vitu vya watu wa pwani. Huyo huyo ndiye aliyenisaidia. Alikuwa anakwenda kufunga mzigo Kariakoo, nikamwandikia kwenye karatasi: kisutu, cha pamba, nyekundu na nyeusi na nyeupe, kisiwe cha poliesta. Alizunguka Mtaa wa Uhuru akanipigia picha vinne. Nikachagua hiki kwa sababu wekundu wake umeiva kama ule. Elfu 14, na elfu 3 nikamwongeza ya usumbufu.

Aliniletea pia kanga iliyoandikwa Nani Kama Mama, akasema binti zote wananunua hiyo. Nikaishika, nikairudisha. Si kwamba jina baya. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuwa kanga huchaguliwa kwa jina, na neno likishavaliwa na kila mtu linakuwa la mtaa. Hiki kisutu hakina jina, kama kile. Basi jina lake ni hii barua. Ukitaka kujua kinasema nini, soma tena pale juu.

Upindo nimeshona mwenyewe kwa mkono, usiku, kwa taa ya umeme maana mimi nimepata bahati hiyo. Uzi mwekundu. Haujanyooka kama wa bibi, mwonyeshe anisahihishe. Pembe moja nimeiacha haijashonwa. Uzi na sindano nimevichomeka hapo hapo. Naomba bibi aimalizie, kwa rangi yoyote anayotaka. Kama macho hayamruhusu, mtungie uzi wewe, aushike hata mara mbili tatu, kisha umalizie.

Kabla ya kukivaa, kiloweke kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, peke yake, usichanganye na kanzu za Hamisi. Kina ugumu wa dukani, kikifuliwa mara mbili kitalainika.

Na nina ombi. Usikifungie sandukuni. Najua unachokisubiri, na habari hiyo bado sina, nikiwa nayo wewe utakuwa wa kwanza kuijua na tutanunua kingine. Hiki kivae. Rajabu inaishia, Shaabani ndiyo hiyo, Ramadhani imefika. Jitande uende nacho maulidini, tarawehe, Idi, msibani, kokote. Jitande hata siku ya kawaida ukienda sokoni. Nataka Hamisi aniambie kwenye simu, "Mama leo katoka na kisutu."

Tena nakuomba, hiki kisiuzwe. Sisemi hivi kwa kukukosea adabu. Michango ya shule ya Hamisi mpaka amalize kidato cha nne ni yangu kuanzia sasa, na unga, na mchele wa vitumbua ukipanda bei, na dawa za bibi. Ikitokea shida yoyote usiku au mchana, nipigie mimi kabla hujafungua sanduku. Naomba uniahidi hilo.

Hesabu ya hela nimeipanga hivi, ili usilale unawaza. Kikoba ulichonikopea laki moja na nusu ya kuja kuripoti, nakutumia elfu 80 kesho kwa simu, nyingine mwezi ujao. Mwenye kukutolea pesa asikukate zaidi ya inavyotakiwa, ada ya kutolea nimeiweka humo humo. Kodi ya chumba nimelipa miezi mitatu, elfu 30 kwa mwezi. Nina sufuria mbili, jiko la mkaa, na godoro lile lile la Iringa. Mwalimu Neema, yule niliyekuambia alinigawia chumba chake miezi miwili hii yote bila kunidai hata senti, nimemrudishia mchango wa chakula akakataa nusu. Muombee. Chakula ninakula. Uji asubuhi, ugali wa mtama mchana, mlenda wa huku ni mzuri sana, utaupenda.

Watoto wangu shuleni ni 74 darasa moja, nawafundisha Kiswahili na Historia. Kuna mmoja, binti, anakuja hana daftari la somo langu, anaandika nyuma ya daftari la Hesabu. Ijumaa nilimpa daftari. Sikumuuliza kitu.

Mama, nilitaka kukuandikia asante. Nimeliandika hilo neno mara nyingi nikalifuta, linakuwa dogo. Wewe uliniambia umepokea upatu. Miaka sita nimeishi ndani ya huo upatu.

Anayekuletea kifurushi ni Mwalimu Kassim, kwao Tanga mjini, anakwenda likizo ya uzazi wa mkewe. Basi lao litapita Segera Jumatano alasiri, na Muheza kabla ya magharibi. Hamisi akae stendi kuanzia saa kumi, nimempa Mwalimu namba yake. Mwalimu hatashuka, atampa dirishani. Mfungashie machungwa, yasizidi kumi, ana mizigo, na vitumbua sita vya moto kama vitakuwepo. Nimemsifia vitumbua vyako tangu Novemba.

Msalimie bibi, mbusu mkono kwa niaba yangu.

Mwanao,
Mwanaidi